Usifike nyumbani na bosi wako: mwongozo kamili wa kuacha kuwafokea mke, mume na watoto baada ya kazi

Wengi walioniuliza juu ya jambo hili wameshajaribu dawa ile ile. Mtu anajiambia leo sifoki, anafika mlangoni, anavuta pumzi, na robo saa haijapita sauti imeshapanda. Kesho anarudia, inashindikana tena, mwisho anakubali kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Tatizo ni mahali anapoanzia. Anayesubiri mpaka mtoto amwage chai ndipo ajizuie amechelewa kwa saa mbili nzima. Hasira ile ilizaliwa kazini na ikakuzwa garini. Sebuleni imekuja kutafuta pa kutulia tu. Kwa hiyo hatua nyingi za mwongozo huu zinafanyika kabla hujavua viatu.

## Kwanza, hakikisha mwongozo huu ni wako

Nimemwandikia mtu anayefoka, anayenuna, au anayetoa maneno makali ambayo usiku yanamuuma mwenyewe. Kama nyumbani kwako kuna kupiga, kutisha, au mke na watoto wanaokukimbia, daftari na kalamu hazitoshi. Hapo usalama wao ndio wa kwanza, na wenzako wa nyumbani wanayo haki ya kutafuta msaada bila kusubiri ubadilike. Hapa Unguja kipo kituo cha Mkono kwa Mkono, cha kuwasaidia waliofanyiwa ukatili, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto au mtu mzima anayemhofia mtoto anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.

Waliobaki, tuendelee.

## Vitu unavyohitaji

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu inafaa, lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayoleta ujumbe wa kazini, kwa hiyo mimi napendelea karatasi.
- Kitu cha kula njiani: ndizi mbili, karanga, andazi. Chupa ya maji.
- Pahala pa kusimama kati ya kazi na nyumbani pasipo na mtu wa kukuuliza kitu. Msikiti, kibaraza, jiwe la ufukweni, hata chini ya mwembe.
- Nguo za nyumbani zilizotengwa: kikoi na fulana, au dera, visiwe vile ulivyovaa kazini.
- Nusu saa na mwenzako siku ya mapumziko, mkiwa mmeshiba nyote wawili.

Mfano nitakaoufuata ni wa kubuni. Baba anakaa Fuoni, anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Nungwi, zamu ya saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Anapanda gari la njia namba 116 mpaka mjini, kisha anaunganisha la Fuoni, na siku za kawaida anaingia ndani saa kumi na moja na nusu. Mke ni mwalimu wa skuli. Wana mtoto wa kiume wa miaka 9 na binti wa miaka 4.

## Hatua ya 1: Andika wiki moja bila kubadilisha chochote

Kila usiku andika mistari mitano. Nini kilikukera kazini. Ulikula lini mara ya mwisho. Uliingia nyumbani saa ngapi. Ulifoka saa ngapi na kwa nani. Neno gani lilikutoka.

Usijirekebishe wiki hiyo na usijihukumu. Unataka kuona hasira yako inafuata njia gani, maana kila mtu ana yake. Wengi wanasema "nakuwa na hasira kila siku", na wakiandika wanakuta si kila siku hata kidogo.

Baba wetu aliandika siku sita za kazi. Alifoka siku tatu. Zote tatu zilikuwa ndani ya dakika ishirini tangu aingie, na zote hakuwa amekula tangu chai ya saa nne asubuhi. Alichodhani ni kwamba wageni wakorofi ndio wanaomharibu. Daftari likamwonyesha vingine: siku ambayo mgeni alimpigia kelele kwa sababu ya maji ya moto alirudi nyumbani vizuri tu. Siku tatu mbaya zilikuwa zile ambazo meneja alimsema mbele ya vijana wanaojifunza kazi.

Jambo la pili ndilo lililomuuma zaidi. Mara zote tatu aliyefokewa alikuwa mtoto wa kiume, na mara zote alikuwa ameomba kitu. Hasira iliyozaliwa kwa mwenye nguvu juu yako haiwezi kurudi kwake, maana utapoteza kazi, basi inashuka kwa asiyeweza kukufanya kitu. Na mtoto anayeomba hela ya daftari anafanana na meneja kwa jambo moja: naye anakudai.

Utajua umefanikiwa pale utakapoweza kusema asubuhi, "Leo meneja yuko zamu yangu na chakula cha mchana sitapata, basi leo ni siku ya hatari." Ukishindwa kusema hivyo baada ya wiki moja, andika ya pili.

## Hatua ya 2: Ifunge kazi kabla ya kutoka getini

Dakika kumi za mwisho za zamu, andika vitu vitatu: kilichobaki, nani anakishika, na wewe utaanza na nini kesho. Basi.

Sababu ni kwamba akili haiachi jambo lililobaki nusu. Italirudisha ukiwa garini, itakurudishia tena unapokula. Lakini ukishalipangia siku na saa, hupunguza kulidai.

Kama kilichobaki si kazi bali ni dhulma, kama ile ya kusemwa mbele za watu, andika sentensi moja tu utakayomwambia mhusika na lini. Baba wetu aliandika: "Jumatatu asubuhi, ofisini kwake, tukiwa wawili: nikikosea naomba uniite pembeni." Iwe sentensi moja. Ukianza kuandika ukurasa mzima umeshaanza kuchochea.

Onyo: usitume ujumbe huo saa hiyo. Wala usiuweke kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Na kundi lenyewe linyamazishe mpaka kesho. Ukiwa huna zamu ya dharura, ile sauti ya meneja ya dakika tatu inayoingia saa moja usiku haina lolote la kukufaa wakati unakula na watoto.

## Hatua ya 3: Njiani, vunja ile mahakama ya kichwani

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kutoka Nungwi mpaka mjini, baba yule amekaa dirishani kimya. Ukimtazama utasema anapumzika. Kumbe kichwani kesi inaendelea: meneja kasema hivi, mimi ningemjibu hivi, angesema vile, ningemwambia hivi. Anaisikiliza mara kumi. Kila mara maneno ya meneja yanakuwa mabaya zaidi kuliko yalivyokuwa, na jibu lake linakuwa kali zaidi. Gari likifika Mahonda amekasirika kuliko alivyokuwa wakati jambo lenyewe linatokea.

Wengine badala ya kukaa kimya wanamwaga yote kwa jirani kwenye kiti. Wanaamini hasira ikitolewa inaisha. Haiko hivyo. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi waliokwisha kuudhiwa. Baadhi aliwaambia wapige mfuko wa masumbwi huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakakaa tu kimya muda mfupi. Waliopiga huku wakimfikiria ndio waliotoka na hasira kubwa zaidi. Kusimulia kwa ghadhabu ndani ya gari ni kupiga mfuko ule ule kwa mdomo.

Fanya hivi badala yake, kwa mpangilio huu.

Kwanza kula. Ndizi zako zile. Njaa hufanya dogo lionekane kubwa, na hii ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, lakini ndiyo watu wanayoidharau.

Pili, lipe jambo jina lake halisi, mara moja, kimoyomoyo. "Nimechoka" si jina. Kila mtu amechoka. "Nimeaibishwa mbele ya vijana ninaowafundisha" ndilo jina. Ukilitaja sawasawa linapungua makali, na pia unajua kwamba mtoto wako hakukuaibisha.

Tatu, punguza mwendo wa mwili. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Fanya kwa dakika tano, macho wazi, hakuna atakayejua. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo, kwa hiyo usigeuze hesabu.

Nne, ipe akili kitu kingine cha kushika. Usijilazimishe kutofikiria chochote, hilo haliwezekani. Nyuradi kama ni mtu wa nyuradi. Kaswida. Soga za mpira na kondakta. Kesi ikirudi, na itarudi, iambie "Jumatatu ofisini", maana umeshaiandika, kisha rudi ulipokuwa. Ukiirudisha mara ishirini kwa safari moja hujashindwa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Onyo: usiendeshe vespa au gari huku ukiwa umewaka. Kama unaendesha mwenyewe, fanya hatua hii ukiwa umeegesha, kabla ya kuwasha.

Utajua umefanikiwa ukishuka garini na unaweza kukumbuka abiria aliyekaa pembeni yako alikuwa nani, au ulipita nini njiani. Aliyesafiri ndani ya kesi hakumbuki kitu.

## Hatua ya 4: Simama kabla ya nyumbani

Dakika kumi, si zaidi. Baba wetu anashuka kituo kimoja kabla ya chake na kukaa kwenye kibaraza cha msikiti. Kama wakati wa sala umeingia anasali na jamaa, na udhu wenyewe ni sehemu ya mapumziko.

Hapo jiulize swali moja: kutoka sifuri hadi kumi, nimewaka kiasi gani? Sifuri ni utulivu kamili, kumi ni kupayuka. Mpe mwenzako namba hiyo kwa ujumbe mfupi. "Leo saba. Nafika baada ya dakika kumi." Chini ya nne huna haja ya kutuma kitu.

Huenda ukaona haya kutuma namba. Lakini jaribu kumwandikia mtu "nimeaibishwa, nina hasira, naomba mnivumilie" ukiwa garini na mikono inatetemeka. Utaona kwa nini namba ni rahisi zaidi.

Onyo kwa wanaume khasa: kibaraza cha dakika kumi kinageuka kuwa kahawa, kahawa inageuka kuwa bao, na bao linakuleta nyumbani baada ya isha watoto wamelala. Huko si kutulia, ni kumwachia mwenzio zamu yako. Weka kengele kwenye simu, na ikilia, simama.

## Hatua ya 5: Makubaliano ya dakika ishirini

Haya hayafanywi siku ya ugomvi. Yafanye siku ya mapumziko, mkiwa mmeshakula, watoto wamekwenda chuoni au kucheza.

Kwa nini ishirini? Mwili uliopandwa na hasira hautulii kwa sababu tu umeamua. Mapigo ya moyo na msukumo wa damu huchukua muda kurudi, na wanaofanya kazi ya ushauri wa ndoa huwashauri wenzi waliogombana wasirudi kwenye mazungumzo kabla ya dakika kama ishirini.

Tena kujitenga kwenyewe si dhambi. Mwaka 1989 Rena Repetti, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo juu ya waongozaji wa ndege na wake zao. Siku za kazi nzito wanaume wale walijitenga zaidi wakirudi nyumbani, na pale ambapo mke aliunga mkono, kujitenga kuliongezeka na hasira ikapungua. Kinacholeta vita ni kujitenga bila kusema. Mume anaingia, hasemi, anajitupa kitandani, na mke anahesabu: nimekosa nini? Chakula? Mama yake kasema kitu? Hapo naye anawaka, na zamu yake ya kufoka inafika.

Makubaliano yawe na vifungu vinne tu.

Salamu kwanza. Anayeingia anatoa salamu, anamshika kila mtoto mkono au kichwa, anamjibu mwenzake anapomwambia pole na kazi. Dakika mbili. Hakuna anayeruhusiwa kupita kama kivuli kwenda chumbani.

Kisha ishirini. Anaoga, anavaa kikoi, anakaa peke yake. Hakuna simu, maana simu inarudisha kazi. Watoto waambiwe kwa lugha yao: "Baba akienda kuoga, maombi yote yanasubiri mpaka atoke." Mtoto wa miaka 9 anaelewa kabisa. Wa miaka 4 ataelewa baada ya siku chache akishikiliwa na mtu mwingine.

Anarudi mwenyewe. Asisubiri kuitwa. Anatoka, anauliza: "Haya, nambieni." Kifungu hiki ndicho kinachotofautisha mapumziko na kununa, na ukikivunja mara mbili tatu mwenzako hatakuamini tena.

Zamu ya mwenzake. Mwalimu naye ametoka skuli, amepika, ametoa nguo kambani. Baada ya mume kurudi kutoka kwenye ishirini zake, anawachukua watoto na mke anapata zake.

Hapa niseme wazi, maana miongozo ya namna hii huandikwa kama vile mwanamume pekee ndiye anayechoka. Mama muuguzi anayetoka zamu hospitali na kufikia moja kwa moja jikoni hana dakika ishirini, na ndiyo sababu naye anawafokea watoto kila jioni. Kwake makubaliano yaanze na swali la nani anapakua, nani anaogesha watoto, saa ngapi. Kama nyumba haina mtu mzima mwingine, ishirini zigawe: tano kwenye kibaraza kabla ya kuingia, kumi za kukaa na watoto chini bila kupika wala kufanya kitu, ndipo jiko. Watoto waliopata kumi zao mwanzo hawakuvuti dera wakati mafuta yako motoni.

Wanaokaa na wazazi au mawifi nyumba moja wawaeleze pia. Bibi mkubwa asiyejua makubaliano atasema mbele ya watu kwamba mwanawe siku hizi anamkimbia, na kazi yote imeharibika. Inatosha kumwambia: "Mama, nikirudi naoga kwanza, kisha nakuja kukaa nawe."

Utajua umefanikiwa mwenzako atakapokukumbusha ishirini zako kabla hujaomba.

## Hatua ya 6: Pale inapowaka hata hivyo

Kuna siku hatua zote zitafanyika na bado utaingia ndani ukute gesi imekwisha, maji hayatoki, na mtoto amechana shati la skuli. Kwa siku hizo weka sentensi moja ya "ikiwa", uliyoiandika mapema, kwa sababu aliyewaka hawezi kutunga mpango mpya. Ya baba wetu: "Ikiwa nahisi taya zimekaza na mwanangu ananiomba kitu, nakaa chini, namwambia: nimekusikia, nitakujibu baada ya chakula."

Kila mtu ana dalili yake ya kwanza. Kwa mmoja ni taya, kwa mwingine masikio kupata moto, kwa mwingine ni kuanza kusema haraka. Itafute kwenye daftari lako.

Kukaa chini nimekuweka makusudi. Mafunzo tuliyolelewa nayo yanasema aliyekasirika amesimama akae, na isipomtoka alale. Ukikaa umemfikia mtoto macho kwa macho, na ni vigumu zaidi kupayuka ukiwa umekaa.

Sheria moja isiyo na mjadala: hakuna adhabu ya mtoto kabla ya kula. Shati lililochanika litakuwa bado limechanika baada ya magharibi. Kosa linalostahili kusemwa litasemwa vizuri zaidi ukiwa umeshiba, na mara nyingi utakuta halikustahili hata kusemwa.

## Hatua ya 7: Ukishafoka, rekebisha usiku huo huo

Utafoka. Wiki mbili za kwanza hasa. Wengi hapo hukosea kwa njia mbili: ama wananyamaza wakitaraji yapite yenyewe, ama wanaleta chokoleti. Mtoto anakula chokoleti na bado hajui kama kosa lilikuwa lake. Ukimya ndio unaomfundisha kwamba yeye ndiye aliyekuharibia siku.

Maneno yenyewe yawe mafupi. Sema ulichofanya, sema hakikuwa kosa lake, sema utafanya nini mara nyingine. Hivi:

"Mwanangu, jioni nilikupigia kelele ulipoomba hela ya daftari. Hukukosea. Nilikuwa na hasira za kazini nikakuletea wewe. Samahani. Hela yako hii. Siku nyingine nikiwa hivyo nitakwambia usubiri kidogo."

Sikiliza kinachokosekana: hakuna "lakini". Ukisema "samahani, lakini na wewe umezidi kuomba", umemfokea mara ya pili kwa sauti ya chini.

Usimlazimishe aseme amekusamehe. Huenda akanyamaza, huenda akakimbilia kucheza. Mwache. Na kama ulimfokea mbele ya ndugu zake au mbele ya mke, omba radhi mbele yao hao hao. Wapo watakaokuambia mzazi akimwomba mtoto radhi heshima inashuka. Mimi nimeona kinyume chake. Mtoto aliyeombwa radhi humwamini mzazi pale anaposema "hili umekosea", kwa sababu ameona mzee wake naye anapimwa kwa kipimo kile kile.

Kwa mwenzako mambo ni hayo hayo, ila ongeza kumwuliza: "Ilikuumiza wapi?" Kisha nyamaza usikilize mpaka amalize. Akileta na ya mwezi uliopita, yasikilize nayo.

Utajua umefanikiwa mtoto akirudi kukuomba kitu kesho yake bila kukuangalia uso kwanza. Akituma ombi kupitia kwa mama, bado.

## Hatua ya 8: Rudi kazini na lile daftari

Mwisho wa wiki ya nne soma kurasa zote. Baba wetu alikuta siku za kufoka zimepungua kutoka tatu kwa wiki hadi moja, na hiyo moja ilibaki ile ile: siku ya kusemwa mbele ya watu. Hapo hakuna pumzi wala kikoi kitakachomaliza. Jambo liko Nungwi na dawa yake iko Nungwi.

Ile sentensi ya hatua ya pili ndiyo ya kuanzia. Isipofaa, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, upeleke kwa anayeshughulikia wafanyakazi. Ajira Zanzibar zinasimamiwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na wafanyakazi wa mahoteli wana chama chao, CHODAWU-Z. Kubadilishwa zamu nayo ni dawa, na mara nyingi ni rahisi kuipata kuliko kumbadilisha meneja.

Kama daftari linaonyesha kwamba unawaka hata siku za mapumziko, hulali usiku, au hakuna tena kinachokufurahisha, chanzo huenda si kazi peke yake. Nenda hospitali ukaeleze hivyo hivyo ulivyoandika, daftari mkononi.

## Marekebisho ya Ramadhani

Mwezi wa mfungo hatua ya 3 haina ndizi na hatua ya 6 haina "baada ya chakula" mpaka adhana. Na saa unayofika nyumbani ndiyo saa ambayo kila mtu ana njaa, jiko limejaa vyungu, watoto wanazunguka zunguka. Ratiba ile ile ya Shaabani haitafanya kazi.

Songeza dakika ishirini zije kabla ya kuingia, msikitini baada ya alasiri kama zamu inaruhusu, halafu ukifika ingia moja kwa moja kwenye kazi ya mikono: kukuna nazi, kupanga sahani, kumshika mdogo. Mikono yenye kazi inafoka kidogo kuliko mtu aliyekaa akingoja. Ada, madeni, kosa la mtoto, habari ya meneja, yote yasubiri mpaka baada ya tarawehe. Namba ya hasira endelea kuituma, lakini hapo kubaliana na mwenzako kwamba tano ya Ramadhani mnaichukua kama saba.